Kina cha Shairi ni Silabi, si Herufi

Wiki hii mwanafunzi wa fasihi hapa Dodoma ameniletea shairi lake akaniambia vina vyote vimekaa sawa. Nikatazama miisho ya mishororo: "panda", "shida", "mtama". Nikamuuliza kina chenyewe ni kipi. Akajibu, "Ni a, mwalimu." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na ndilo lililonifanya niandike.

Umbo la shairi la kimapokeo lililozoeleka, yaani tarbia, halina maneno mengi. Ubeti una mishororo minne. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane, hivyo mshororo mzima una mizani kumi na sita. Ukwapi unaishia kwenye kina cha kati, na utao kwenye kina cha mwisho. Hayo umeyasoma sekondari.

Tatizo liko kwenye neno "mizani". Limetoka Kiarabu, na maana yake ni ile ile tunayoijua sokoni: chombo cha kupimia uzito. Mwenye zabibu hapimi kwa kuhesabu punje, anaweka kwenye mizani na kusoma uzito. Mshairi naye hahesabu herufi wala maneno, anapima sauti, na kipimo chake ni silabi, yaani pigo moja la sauti mdomoni. Shairi la Kiswahili lilighaniwa na kuimbwa, likapokewa kwa sikio kabla ya jicho. Ndiyo maana kina nacho ni silabi. "Panda" inaishia na "nda", "shida" inaishia na "da", "mtama" inaishia na "ma". Hizo ni silabi tatu tofauti, na irabu "a" haiwezi kuziunganisha. Hata "nda" na "da", ambazo jicho linaziona kama ndugu, sikio linazitenga.

Nimetunga ubeti huu tuupime pamoja:

Wakulima wa Dodoma, shambani wamefurika,
Wapanda wote mtama, mawingu yamefunika,
Radi nayo yanguruma, njaa sasa yatoweka,
Mola umetukumbuka, waja wako duniani.

Kina cha kati katika mishororo mitatu ya kwanza ni "ma", na cha mwisho ni "ka". Irabu iliyotangulia "ka" inabadilika, mara "i" mara "e", na sheria haikatazi. Mshororo wa nne umeichukua "ka" ukaileta katikati, kisha ukamalizia kwa kina kipya, "ni". Huo ni mpangilio mmoja unaopendwa. Wengine huurudia mshororo wa nne vile vile ulivyo katika kila ubeti, ukawa kiitikio.

Sasa hesabu ukwapi wa mshororo wa pili: wa-pa-nda-wo-te-m-ta-ma. Nane. Hiyo "m" ya "mtama" inasimama peke yake, ni mizani kamili, kama ilivyo "m" ya "mtu" na "n" ya "nchi". Lakini katika "mbegu" au "ndege" haisimami, imeungana na konsonanti inayofuata: mbe-gu, nde-ge. Huwezi kulijua hili kwa kutazama maandishi, maana yote ni "m" au "n" mbele ya konsonanti. Tamka polepole huku ukipiga kofi kwa kila silabi, na mkono utakuonyesha. "Njaa" nayo ni makofi mawili, nja-a, kwa sababu kila irabu ina pigo lake.

Mizani ikizidi, mshairi hutafuta umbo fupi la neno. Katika mshororo wa tatu nilianza na "inanguruma", ukwapi ukafika mizani tisa. Nikaweka "yanguruma", mizani moja ikapungua na lugha ikabaki fasaha. Kinachoniudhi ni kuona mtu anakata silabi ovyo hadi neno halieleweki, kisha anasema ni uhuru wa mshairi. Uhuru huo upo, ila msikilizaji lazima aweze kulitambua neno lililofupishwa.

Shairi lenye kasoro za vina au mizani huitwa guni. Mwanafunzi wangu alisikitika nilipolitaja neno hilo, na nilimwelewa, kwa kuwa maudhui yake yalikuwa mazuri. Mshororo wake mmoja ulianza hivi: "Wakipanda wote mtama". Alikuwa amehesabu "mta" kama silabi moja, akapata nane. Tukapiga makofi pamoja, yakatoka tisa. Nilimwomba aondoe "ki" tu, kisha aende na ile "shida" yake akaitafutie neno linaloishia na "ma".