Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne: utajuaje yako ni ipi

Mtu mpya akija mazoezini kwenye kwaya zetu nyingi huku Mwanza anaulizwa "wewe unaimba sauti ya ngapi?", akisema sijui basi anaangaliwa tu. Mwanaume mwenye mwili mkubwa anaambiwa kaa besi, binti anaambiwa nenda soprano, na kama siku hiyo sauti ya tatu ina watu wawili basi kila mwanaume anayeingia mlangoni anasukumiwa huko. Hapo ndo watu wengi wanaanza kuumia koo bila kujua kwa nini.

Tuanze na majina. Soprano ndo sauti ya kwanza, ya juu ya wanawake, alto ni ya pili, ya chini ya wanawake, tenor (wengi tunatamka "tena") ni ya tatu, ya juu ya wanaume, na besi ni ya nne. Kwa kukadiria, kwenye kinanda soprano ya kwaya inatembea kuanzia C4 mpaka kama A5, alto G3 mpaka D5, sauti ya tatu C3 mpaka G4 au A4 na besi E2 mpaka D4. C4 ni ile C ya katikati, kwenye kinanda cha funguo 61 ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto.

Sasa angalia hizo namba vizuri uone jinsi zinavyolaliana. Kutoka C3 mpaka D4 ni eneo la besi na la sauti ya tatu pia, kwa hiyo mtu kuweza kuimba nota fulani haitoshi kusema yeye ni nani. Na wanadamu wengi wako katikati, wanaume wengi ni baritoni, yaani kati ya sauti ya tatu na besi, na wanawake wengi ni mezo, kati ya soprano na alto. Kwaya ya sauti nne haina kiti chao, kwa hiyo inabidi wakae upande mmoja, na swali la maana ni wapi wanakaa bila kuteseka. Kufika nota ni kitu kimoja, kukaa pale beti nne nzima ni kitu kingine kabisa.

Nitoe mfano wa kijana mmoja wa kwaya yetu, anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Aliwekwa sauti ya tatu kwa sababu watu walikuwa pungufu, na siku ya kwanza alipanda G4 watu wote wakasikia, wakasema huyu ndo mwenyewe. Baada ya miezi kama miwili kila Jumatatu anaamka sauti imekauka, na kwenye nyimbo ndefu ubeti wa tatu anaanza kushuka taratibu anawavuta na wenzake, halafu lawama ni kwamba hasikilizi kinanda.

Tukampima. Kwanza hatukumpima jioni ya siku ya kazi, maana mtu aliyeshinda anaita wateja sokoni tangu alfajiri sauti yake ya jioni sio yake, na ukimpima asubuhi akiwa ndo ametoka kitandani nota za chini zitatokea nyingi kuliko alizonazo kweli. Tulichukua siku aliyopumzika, akapasha sauti dakika kumi kwa kuvumisha midomo imefungwa. Halafu angalia kinanda, tafadhali, kitufe cha TRANSPOSE kiwe sifuri, kwa sababu wapigaji wetu wengi wanakitumia sana na wanakisahau, unaweza kupima kwaya nzima ukaandika nota za uongo.

Kipimo chenyewe ni do re mi fa so fa mi re do kwa irabu "a", anaanza pale anapoongelea, kwake ilikuwa C3, halafu unapanda nusu toni kila mara, yaani funguo inayofuata, nyeusi au nyeupe. Asipige kelele, aimbe kwa nguvu ya kawaida halafu hiyo hiyo aiimbe polepole kwa sauti ndogo. Hapa usisikilize tu, mwangalie. Kidevu kikianza kunyanyuka, mishipa ya shingo ikitokeza, mabega yakipanda, au nota ikiwezekana kwa kelele tu na kwa sauti ndogo ikikatika, hapo ameshatoka kwake. Na akirukia ile sauti nyembamba ya kichwani usiihesabu, ni nzuri lakini haibebi sauti ya tatu kwenye kwaya.

Yeye mpaka D4 alikuwa ametulia kabisa. E4 kidevu kikanyanyuka kidogo, F4 akaanza kusukuma, na kuanzia F# 4, nusu toni juu yake, ilikuwa kelele. Ile G4 ya siku ya kwanza alikuwa nayo kweli, ila ni ya kurusha mara moja. Tukarudi chini, A2 imejaa, G2 inasikika kama mngurumo mwepesi, F2 pumzi tupu.

Sasa weka hiyo kwenye wimbo. Wimbo ukiwa do ni G, sauti ya tatu so yake ni D4, la ni E4, ti ni F# 4 na do ya juu ni G4. Nyimbo zetu nyingi zinamweka mtu wa sauti ya tatu kwenye so na la muda mrefu halafu zinampeleka do, kwa hiyo kijana alikuwa anaanzia pale ambapo sauti yake inaishia. Ukishusha wimbo mpaka do iwe F, so inakuwa C4 na do ya juu F4, anapata nafuu lakini bado ile do anaisukuma. Kumbe ni baritoni, na kwa nyimbo zetu mahali pake ni besi.

Besi nayo ina gharama yake, kwa sababu do ikiwa F, do ya chini ya besi ni F2 ambayo hana. Hapo tulikubaliana asiifuate, wazee wawili wenye besi ya kweli wanaichukua na yeye anaimba do ya juu yake, F3, wala haiharibu kitu.

Kwa wanawake kipimo ni kile kile ila unaanzia A3 hivi, na usikilize pale sauti ya kifua inapobadilika. Dada anayeitwa alto kwa sababu anaweza kushika sauti ya pili bila kupotezwa na soprano, mara nyingi ukimpima unakuta E5 anaimba kwa sauti ndogo bila shida yoyote, huyo ni soprano mwenye sikio zuri. Na alto anayesikika tu akibamiza nota za chini kwa kifua, muda sio mrefu atakauka. Vijana wa kiume wanaovunja sauti, kati ya miaka 12 na 15 hivi, wapime upya kila baada ya miezi michache, cha leo kesho hakipo.

Yule kijana alihamia safu ya besi, na wiki ya tatu sauti yake ya Jumatatu ilikuwa kama ya siku nyingine. Sauti ya tatu bado ina watu wawili, kwa hiyo nyimbo kadhaa tumezishusha toni moja mpaka wapatikane wengine.