"Yashkharhi er": Yohana 1:10 kwa Kiarmenia cha kale

Nikianza kumfundisha mtu Kiarmenia cha kale, simpi majedwali. Nampa mstari mmoja wa Injili ya Yohana, sura ya 1 aya ya 10: "Yashkharhi er, ew ashkharh novaw eghew, ew ashkharh zna och tsaneaw." Kwa Kiswahili chetu cha Biblia ndio ule wa "Alikuwako ulimwenguni", unaoishia kwamba ulimwengu haukumtambua.

Kigiriki chake ni hiki: "En to kosmo en, kai ho kosmos di' autou egeneto, kai ho kosmos auton ouk egno." Weka mistari hii miwili juu na chini, uone inavyokwenda sambamba: mahali, kitenzi, kiima, kiwakilishi, kitenzi, kiima, yambwa, kikanushi, kitenzi. Hakuna kilichohama. Anayeona hivyo mara ya kwanza husema mfasiri amenakili tu. Ngoja kwanza.

Neno "ashkharh" ni ulimwengu, na limetokea mara tatu. La kwanza lina "y-" mbele na "-i" nyuma. Hiyo "y-" ni kihusishi "i", ambacho hugeuka "y" mbele ya irabu, na peke yake haitoshi kukupa maana. "Yashkharh" bila kitu nyuma ni kuingia ulimwenguni, kama ilivyo katika aya ya 9. "Yashkharhi" ni kuwamo ulimwenguni. "Yashkharhe" ni kutoka ulimwenguni. Kihusishi ni kimoja. Kinachoamua ni uhusika, yaani umbo la nomino linaloonyesha kazi yake katika sentensi. Sisi "-ni" yetu hubaki vilevile, kitenzi ndicho kinachosema: aliingia ulimwenguni, alikaa ulimwenguni, alitoka ulimwenguni. Mwarmenia hasubiri kitenzi. Wanafunzi wangu huteleza hapa kuliko popote: wakishaona "y-" wanaandika "katika" na kusonga mbele.

Sasa "novaw". Kigiriki kina maneno mawili, "di' autou", kihusishi na kiwakilishi. Kiarmenia kina moja, kwa sababu kina uhusika wa ala, ule wa kusema kitu kimefanyika kwa nini au kupitia kwa nani. Kigiriki cha Injili hakina umbo hilo, ndiyo maana kinahitaji kihusishi. Basi mpangilio ni wa Kigiriki, lakini kilichowekwa kwenye nafasi hiyo ni cha Kiarmenia kabisa.

Na "zna"? "Na" ni yeye, "z-" inamtambulisha kuwa yambwa. Katika umoja, nomino za Kiarmenia zina umbo moja kwa kiima na kwa yambwa. Wingi ndio unaotofautisha, "ashkharhk" kwa kiima na "ashkharhs" kwa yambwa. Bila "z-", "ulimwengu yeye haukutambua" ingekuwa kitendawili: nani hakumtambua nani? Kazi hiyo kwetu inafanywa na "-m-" ndani ya "haukumtambua". Kijiherufi hicho "z-" ndicho kinachomruhusu mfasiri kuufuata mpangilio wa Kigiriki bila kumpoteza msomaji.

Kuna mahali ambapo hakuweza kuufuata. Chukua Yohana 3:16. Kigiriki kinaanza "houtos gar", "hivi kwa maana", kwa kuwa "gar" haisimami mwanzoni mwa sentensi hata siku moja. Kiarmenia kinaanza "Zi aynpes", "kwa maana hivi". "Zi" hutangulia, basi. Halafu anarudi kwenye njia ileile: "sireats Astuats zashkharh", alipenda Mungu ulimwengu, kitenzi mbele kama Kigiriki kilivyo. Mbele kidogo, "pas ho pisteuon", kila aaminiye, inakuwa "amenayn or hawatay", kila ambaye anaamini. Kigiriki kimetumia umbo la kitenzi linalosimama kama nomino, lenye kibainishi "ho" mbele. Kiarmenia kimefungua kishazi kizima.

Tahadhari moja kabla hujahesabu tofauti. Katika 3:16 Kiarmenia kinasema "zOrdin iwr miatsin", Mwana wake wa pekee. Ukishika toleo la Kigiriki la kisasa huenda usione "wake" hapo, ukadhani Mwarmenia ameongeza. Lakini hati nyingi za Kigiriki zina "autou" mahali hapohapo, kati ya mwana na pekee. Tafsiri hii ni ya karne ya 5, baada ya Mesrop Mashtots kuunda alfabeti mnamo 405, na ilisahihishwa kwa hati za Kigiriki zilizoletwa kutoka Konstantinopoli baada ya mtaguso wa Efeso wa 431. Kinachoonekana kuwa nyongeza huenda kilikuwamo kwenye hati iliyokuwa mezani pa mfasiri. Alichochagua mwenyewe ni "iwr" badala ya "nora": yote mawili ni "wake", ila "iwr" humrudia mtendaji wa sentensi, jambo ambalo "autou" haliwezi kulionyesha.