Gharama ya kilomita haiishii kwenye tangi

"Matatu yangu ya Malindi kwenda Mombasa inakula dizeli ya shilingi 17 kwa kilomita. Mbona nikipiga hesabu na wenzangu naambiwa kila kilomita inanitoka zaidi ya 30, na tena gari likitembea kidogo ndipo inapanda? Gari likisimama si linapumzika?"

Injini ndiyo inayopumzika. Bima haipumziki, wala ada za chama, wala mlinzi wa usiku, na bodi ya gari linalolala karibu na bahari huendelea kuliwa na kutu ya chumvi hata likiwa limeegeshwa. Shilingi 17 ni mafuta tu. Mafuta hulipwa kila siku, pesa mkononi, kwa hiyo ni rahisi kuyaona kuwa ndiyo gharama yote. Mtu husema: 17 mara kilomita 120 za Malindi hadi Mombasa ni 2,040, abiria ni 14, basi kila kiti kinanigharimu kama 146, na nauli yoyote inayozidi hapo ni faida. Hesabu hiyo hukubali miezi kadhaa, mpaka ufike mwezi ambao bima inaisha, tairi zimekwisha na ukaguzi wa NTSA umewadia. Hapo mwenye gari hukopa na kusema mwezi umekuwa mbaya. Lakini tairi hizo hazikuisha mwezi huo. Zilikuwa zikiisha kila safari, na kila safari iligawanywa kana kwamba hakuna kitu kilichoisha.

Gari la biashara lina gharama zinazofuata magurudumu na gharama zinazofuata kalenda. Za magurudumu ni mafuta, oili, tairi, breki na mafundi. Tuchukue matatu ya viti 14, kwa bei za mfano ambazo kila mtu ataweka zake. Dizeli ni 170 kwa lita na lita moja inakwenda kilomita 10: hapo ndipo 17 inapotoka. Sevisi ya shilingi 9,000 kila kilomita 5,000 ni 1.80. Tairi nne za 10,000 kila moja, zikidumu kilomita 40,000, ni shilingi 1. Tukitenga 4.20 kwa breki, shoki, bushi na matengenezo mengine, jumla ni shilingi 24 kwa kilomita. Katika hizo, ya matengenezo ndiyo isiyotabirika. Mwezi mmoja haitoshi kuikadiria, inafaa risiti za mwaka mzima. Ya mafuta hupimika vizuri: jaza tangi mpaka juu, andika kilomita za kwenye dashibodi, tembea siku kadhaa, jaza tena mpaka juu kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza.

Za kalenda kwa mwezi mmoja, tuseme bima ni 12,000, ada za chama cha matatu na za steji 9,000, ukaguzi, leseni na kodi zikigawanywa kwa miezi ni 2,200, na mlinzi 1,000. Ongeza kushuka kwa thamani: gari lililonunuliwa 1,800,000 na kuuzwa 600,000 baada ya miaka mitano limepoteza 20,000 kila mwezi, ingawa hakuna aliyekuja kuzidai. Jumla ni 44,200, yaani 1,700 kwa siku ikiwa gari hufanya kazi siku 26. Dereva na makanga wakilipwa 2,500 kwa siku, siku moja ya kazi inaanza na deni la 4,200 kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Sasa swali ni hizo 4,200 zinabebwa na kilomita ngapi. Mfikirie mama anayepika mahamri katika chumba cha kupanga. Unga na mafuta vinaongezeka kwa kila hamri, lakini kodi ya chumba ni ileile akiuza mia mbili au akiuza mia. Akiuza mia, kila hamri limebeba kodi mara mbili, ingawa unga wake haukupanda hata senti. Hakuna aliyempandishia gharama. Vilivyopungua ni vitu vya kugawia.

Matatu yetu ikienda Mombasa na kurudi mara mbili, inatembea kilomita 480, na 4,200 zinakuwa 8.75 kwa kila kilomita. Pamoja na 24 za magurudumu, ni 32.75, na safari ya upande mmoja ni shilingi 3,930. Ikienda na kurudi mara moja tu, kilomita ni 240, mzigo unakuwa 17.50, kilomita inafika 41.50 na safari ile ile ni 4,980. Dizeli ni ile ile, barabara ni ile ile, na tofauti ni zaidi ya shilingi elfu moja.

Kwa hiyo nauli haipangwi kwa hesabu ya Desemba, wageni wanapojaa, wala kwa ya miezi ya masika, hoteli nyingi za Malindi na Watamu zikiwa zimefungwa. Tukichukua miezi minne ya safari mbili kwa siku na minane ya safari moja, gari linatembea karibu kilomita 100,000 kwa mwaka, na kilomita inasimama kwenye shilingi 37 hivi. Safari ni kama 4,455. Gari likibeba abiria 10 kwa wastani, kila mmoja anagharimu karibu 446 kabla ya mwenye gari kupata faida au kulipa riba ya mkopo. Kugawanya kwa viti 14 ni kudhani gari hujaa kila safari, pande zote mbili, mwaka mzima.

Jambo la ajabu ni kwamba wastani huo, unaofaa kupanga nauli, unapotosha ukiutumia steji. Ni saa nane mchana, siku ya masika, abiria ni wanane kwa nauli ya 400. Mkononi ni 3,200, na wastani unasema safari ni 4,455, kwa hiyo mtu anaona afadhali gari lilale. Lakini zile 4,200 za leo zimeshatoka, likienda au lisipokwenda. Kuondoka kunaongeza gharama za magurudumu tu: 24 mara 120, yaani 2,880. Wanane wanaacha 320 za kupunguza deni la siku. Wakiwa saba ni 2,800, na safari hiyo yenyewe inakula hasara, isipokuwa kuna abiria wanaosubiri Mombasa au wa kuokota Kilifi na Mtwapa.

Teksi ina tatizo la ziada. Mgeni anayepelekwa Watamu na gari likarudi tupu amelipia upande mmoja, magurudumu yamezunguka pande mbili. Gharama yote igawanywe kwa kilomita zenye mteja. Kama nusu ya kilomita ni tupu, bei ya kilomita yenye mteja ni maradufu ya ile ya dashibodi.

EPRA hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na zinaanza kutumika tarehe 15. Hapo hubadilika mstari mmoja tu wa hesabu. Dizeli ikipanda shilingi 10 kwa lita, gari la kilomita 10 kwa lita linaongezewa shilingi 1 kwa kilomita: 120 kwa safari ya Mombasa, 12 kwa kila abiria wakiwa kumi. Nauli ikiongezwa 50 siku hiyo, 38 zilizobaki zinatoka mahali pengine kwenye daftari, na mara nyingi ni kwenye viti vitupu.