Darubini ya Bunduki: Alama Moja, Vipimo Viwili

Darubini iliyoandikwa 3-9x40 hukuza mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Gawanya 40 kwa ukuzaji uliouweka, utapata upana wa mwanga unaolifikia jicho: kwa mara 9 ni milimita 4.4, kwa mara 6 ni karibu milimita 6.7. Huku kwetu karibu na ikweta giza huingia haraka baada ya saa moja jioni, na mboni ya jicho hupanuka hadi milimita 5, hata 7 kwa kijana. Ndiyo maana picha ya mara 9 hufifia wakati wa magharibi. Rudisha hadi mara 6 kwanza, kabla ya kufikiria lenzi ya milimita 56, ambayo huilazimu darubini kukaa juu zaidi, na shavu likakosa pa kuegemea kwenye kitako.

Kinachowaponza wengi, hata wenye leseni ya miaka mingi, ni mahali zilipo alama za kulengea. Ndani ya darubini picha hukusanyika mahali pawili: fokasi ya kwanza iko mbele ya lenzi za kukuzia, ya pili iko nyuma yake, upande wa jicho. Alama zikikaa kwenye fokasi ya kwanza, hukua na kupungua pamoja na picha, na vipimo vyake havibadiliki. Zikikaa kwenye ya pili, hubaki na ukubwa uleule huku mnyama akikua na kupungua. Hizo ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa.

Chukua mwindaji mwenye kibali kwenye ranchi za jirani na Ziwa Mburo, swalapala yuko mita 300. Bunduki imerekebishwa kwa mita 200, na jedwali lake linasema risasi itashuka sentimita 30. Alama zake zimepangwa kwa mili, kipimo cha pembe; kwa umbali huo mili 1 ni sentimita 30, kwa hiyo analenga kwa alama ya kwanza, ya mili 1, chini ya kitovu, yaani pale katikati mistari inapokutana. Kwa mara 9 yuko sawa. Lakini kama darubini ni ya fokasi ya pili na ameiacha kwenye mara 4.5, alama hiyo sasa ni mili 2, yaani sentimita 60. Risasi itapita sentimita 30 juu ya alipokusudia, na mwindaji atalaumu risasi au upepo. Kitovu chenyewe hakina kosa hilo, wala mibofyo ya vifundo vya kurekebishia.

Kuitambua darubini yako si kazi. Bunduki ikiwa haina risasi, simamisha mita 100 ubao wenye mistari miwili iliyoachana sentimita 10, ambazo ni mili 1 kamili. Zungusha pete ya ukuzaji kutoka juu hadi chini. Nafasi kati ya alama mbili za mili ikiendelea kulingana na mistari, ni fokasi ya kwanza. Ikizidi mistari kadiri unavyoshusha, ni ya pili.

Ya kwanza nayo ina udhaifu wake: kwa mara 3 alama huwa nyembamba mno, na vichakani jioni hupotea. Kwa anayepiga chini ya mita 200 akitumia kitovu tu, fokasi ya pili inatosha kabisa.