Faida ipo, hela haipo: duka la Newala kuelekea msimu wa korosho

"Daftari linaonyesha napata faida kila mwezi. Mbona ikifika Oktoba sina hata hela ya kununulia mzigo?"

Zamani ningemjibu muuliza swali kwamba kuna mtu anamwibia, au kwamba anakula mtaji. Niliamini kabisa kuwa biashara yenye faida haiwezi kuishiwa. Nilikuwa nimekosea. Faida huhesabiwa siku mzigo unapouzwa, hata kama mteja atalipa baada ya miezi mitatu. Muuzaji wa jumla naye anataka fedha yake leo. Daftari la faida halioni kabisa pengo kati ya siku hizo mbili, na bajeti ya fedha taslimu imewekwa kwa ajili ya kulionyesha hilo pengo tu.

Mtu wa uwanda wa Makonde ataelewa haraka akifikiria tangi la maji ya mvua. Mvua ya mwaka mzima inaweza kuzidi matumizi ya nyumba, na bado tangi likakauka Oktoba, kwa sababu mvua huisha mapema na ndoo huchotwa kila siku. Mwenye tangi haulizi mvua ya mwaka ilikuwa kiasi gani. Anatumbukiza kijiti, anaona maji yamefika wapi, anahesabu ndoo zilizobaki mpaka mvua irudi. Bajeti ya fedha ndiyo kijiti hicho, ila kinatumbukizwa kwenye miezi ambayo haijafika.

Tuchukue duka la mfano la bati na saruji, Newala. Mauzo ni milioni 8 Agosti, 10 Septemba, 12 Oktoba na 15 Novemba. Wateja wengi ni wakulima, kwa hiyo mpaka Oktoba nusu ya mauzo ni taslimu na nusu ni mali kauli: "nitakulipa korosho zikilipwa." Mzigo hununuliwa mwezi mmoja kabla ya kuuzwa, kwa fedha mkononi, na gharama yake ni asilimia 80 ya bei ya kuuzia. Mauzo ya Desemba yanakadiriwa kuwa milioni 10. Pango, mishahara na umeme ni milioni 1 kwa mwezi. Agosti inaanza na milioni 10 kwenye akaunti. Novemba wateja wana hela, kwa hiyo mauzo yote ni taslimu, na nusu ya madeni ya nyuma, milioni 7.5, inarudi.

| Mwezi | Mwanzo | Zinaingia | Zinatoka | Mwisho |
|---|---|---|---|---|
| Agosti | 10 | 4 | 9 | 5 |
| Septemba | 5 | 5 | 10.6 | -0.6 |
| Oktoba | -0.6 | 6 | 13 | -7.6 |
| Novemba | -7.6 | 22.5 | 9 | 5.9 |

Mwisho wa kila mwezi ndio mwanzo wa unaofuata, na kila kiasi kinaandikwa kwenye mwezi ambao fedha yenyewe inapita mkononi. Sasa hesabu faida ya Agosti mpaka Oktoba: ni milioni 3, na faida ya kila mwezi ni kubwa kuliko ya mwezi uliopita. Ndipo utaona jambo lililonishangaza mimi: mauzo yakikua, shimo linazidi kuchimbika, kwa kuwa Oktoba duka linanunua mzigo wa Novemba kwa milioni 12 huku likikusanya nusu tu ya mauzo madogo zaidi.

Jedwali lenyewe nalo huficha kitu. Septemba inaonekana kupungukiwa laki sita tu. Lakini kama mzigo wa milioni 9.6 unalipwa tarehe 2, kabla mauzo ya mwezi hayajaingia, pengo siku hiyo ni kama milioni 4.6. Mwezi wenye malipo makubwa mwanzoni uugawe kwa wiki.

Aliyeliona pengo hili Julai ana nafasi ya kuzungumza. Muuzaji wa jumla akikubali kusubiri siku 30 kwa mzigo unaonunuliwa Oktoba peke yake, mwezi huo unafunga na milioni 4.4 badala ya kupungukiwa 7.6, na Novemba inaishia palepale, 5.9. Septemba bado inahitaji fedha kidogo, au mali kauli ipunguzwe.

Yote haya yanasimama juu ya nguzo moja: malipo ya korosho. Mnada ukishafanyika, fedha hupitia chama cha msingi cha ushirika kabla ya kumfikia mkulima, na duka halina uwezo wa kuiharakisha. Kwa hiyo andika jedwali la pili ambamo Novemba hakuna deni linalorudi na nusu ya mauzo bado ni mali kauli. Mwezi huo unafunga na upungufu wa milioni 9.1, uwe umepewa siku 30 au hukupewa, maana deni la muuzaji wa jumla nalo limeiva. Kiasi hicho cha pili ndicho cha kwenda nacho unapoomba mkopo, na tarehe ya marejesho iwe Januari.