Kanga isiyosomeka: kanuni zetu za picha za akili unde kwenye kazi za wateja

Jumatatu iliyopita niliwaita wenzangu wote wa studio, sisi ni saba tu, nikazungumza nao kama nusu saa. Wawili walikuwa safarini wakaomba niwaandikie. Nimeamua kuyaweka hapa, kwa sababu maswali haya haya huwa nayapata kwa wabunifu wengine wa Dar. Nimenyoosha sentensi kidogo, mengine ni kama nilivyosema.

Jamani, tuanze na lebo ya bizari ya pilau, maana wote mnaikumbuka.

Mteja alitaka mama aliyejifunga kanga, yuko jikoni, sufuria mbele yake na viungo vimetapakaa mezani. Fedha ya mpigapicha haikuwepo na tulikuwa na siku nne. Mmoja wetu, simtaji, yupo hapa na tayari anacheka, akaiandikia mashine maelekezo, akachagua picha ya nne, akasafisha vidole, akaiweka kwenye lebo. Mimi nikaidhinisha. Mteja akaiona kwenye simu, akaipenda. Sampuli ikatoka kwa mchapaji, mteja akaipeleka nyumbani. Saa tatu usiku ananipigia: “Shangazi anauliza, hii kanga imeandikwa nini?”

Nilifungua faili nikaikuza. Pindo lilikuwa zuri. Mji una maua ya korosho, umepangika vizuri. Halafu chini, pale linapokaa jina la kanga, kuna mstari wa vitu vinavyofanana na herufi: kama M, kama P, kitu chenye mkia, kisha kama neno “nawa”, kisha vurugu. Mashine haikuandika, ilichora umbo la maandishi kwa kuwa kanga nyingi ilizoziona zina maandishi mahali hapo. Kwa mtu wa mbali hilo ni pambo. Kwa mwanamke wa hapa, jina ndilo analolisoma kwanza dukani kabla hajauliza bei. Kwenye simu hatukuliona kwa sababu herufi hazikufika milimita mbili.

Tulipokuwa tumeshafungua faili tukatazama mezani. Palikuwa na anisi, ile yenye umbo la nyota. Nyuma ya pakiti tumeorodhesha bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Anisi haimo. Karafuu zenyewe hazikuwa na vichwa, zilikuwa kama misumari iliyokatwa. Mtu wa Unguja au Pemba angetucheka kwanza, halafu angejiuliza kama aliyeuza pakiti ameshawahi kuiona karafuu.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kwanza. Kitu chochote ambacho mnunuzi atakitumia kujua anachonunua hakitengenezwi na mashine. Bidhaa yenyewe, viungo vyake, ukubwa wake, chumba cha hoteli, nyumba inayouzwa, uso wa mtu anayesema “mimi nilitumia nikapona”. Vitu hivyo vinapigwa picha, au vinachorwa na mtu aliyeviona. Picha iliyo kwenye pakiti ni sehemu ya maelezo ya bidhaa, sawa na orodha ya viungo. Ikisema uongo, sisi tumesema uongo kwa niaba ya mteja.

Mnaniuliza: je, mandhari ya nyuma? Ukuta, mawingu, mbao za meza, kuongeza upande wa picha iliyokatwa vibaya? Hayo ruksa, kwa masharti mawili nitakayoyafikia. Meza ya mbao haimwahidi mtu chochote.

Sasa suala la umiliki, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo tunapoweza kumdhulumu mteja bila kujua. Mteja anapotulipa, hanunui faili tu. Ananunua uwezo wa kusema “hii ni yangu, mwingine asiitumie”. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mtunzi inayemfikiria ni mtu. Marekani suala hili limeshafika mbali zaidi. Mwezi Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya huko ilishughulikia kitabu cha katuni ambacho picha zake zilitoka kwenye Midjourney, mashine ya kutengeneza picha. Ikakubali kulinda maneno na mpangilio wa kurasa, kwa kuwa hayo aliyafanya mwandishi, na ikakataa kulinda picha moja moja. Machi 2025 mahakama ya rufani ya Washington ikasema katika shauri la Thaler kwamba kazi ambayo mtunzi wake ni mashine peke yake haisajiliki. Huku kwetu maamuzi hayo si sheria, lakini wateja wetu wawili wanauza huko, na sitaki kumpa mtu ahadi inayovunjika anapovuka bahari.

Rudini kwenye lebo. Tuseme mshindani wa mteja wetu ananyofoa yule mama, anamweka kwenye pakiti yake ya bizari ya mchuzi. Jina la biashara na nembo mteja anaweza kuvitetea, kwa kuwa alama ya biashara ina njia yake, anaisajili BRELA. Lakini yule mama na jiko lake? Tungesimama na nini? Maelekezo tuliyoandika ni mistari miwili, na mtu mwingine akiandika inayofanana atapata dada yake yule mama.

Kwa hiyo kanuni ya pili: nembo, mhusika wa chapa, na picha yoyote ambayo mteja anataka iwe yake peke yake, mkono wa mtu ndio unaoichora toka mwanzo. Siyo mashine ichore nembo halafu wewe uifuatishe kwa kalamu ya Illustrator. Nimewaona wanaofanya hivyo wakisema “nimeichora upya”. Ulichofanya ni kunakili mistari. Uamuzi wa umbo haukuwa wako.

Na neno “mchoro” kwenye ankara litamaanisha mchoro. Picha ya mashine itaandikwa “picha ya akili unde, pamoja na marekebisho”, na bei yake itahesabiwa kwa saa za kuirekebisha. Najua hili linapunguza fedha, mhasibu ameshaninunia.

Sharti la kwanza kati ya yale mawili ni ruhusa ya maandishi. Kabla picha ya mashine haijaingia kwenye kazi ya mwisho, mteja anasaini karatasi ya nusu ukurasa: sehemu gani imetoka kwenye mashine, chombo gani, na kwamba kwa sehemu hiyo hatumpi haki ya kumzuia mtu mwingine. Asiposaini, tunatafuta njia nyingine. Kwenye hatua za awali, mnapobuni wenyewe kwa wenyewe na kubandika ukutani, tumieni mtakavyo. Lakini siku ya kumwonyesha mteja, kila picha ya mashine iwe na neno MFANO kwa herufi nyekundu. Tulishawahi kuonyesha mfano bila kuandika, mteja akaupenda mno, tukajikuta tunalazimika kuupiga picha jinsi ulivyo, na taa iliyokuwa mle haipo duniani.

Sharti la pili ni kumbukumbu. Kila kazi itakuwa na folda moja ndogo, ndani yake picha ilivyotoka mwanzo kabla ya kuguswa, na faili la maandishi kama hili:

```
lebo_pilau_AI.txt
tarehe:
chombo na toleo:
maelekezo:
picha tulizoingiza:
tulichobadilisha kwa mkono:
```

Mmoja wenu aliniambia haina haja, kwa kuwa Firefly ya Adobe inabandika yenyewe taarifa ndani ya faili, ile alama ya Content Credentials. Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini sisi tunatumaje kazi? Kwa WhatsApp. Ukituma kama picha, WhatsApp inaifinya na taarifa za ndani zinapotea. Atakayeipokea hana namna ya kujua. Piga picha ya skrini, ni hivyo hivyo. Folda yetu haipotei kirahisi namna hiyo.

Mstari wa “picha tulizoingiza” nauangalia kwa jicho kali. Bidhaa ya mteja ambayo haijaingia sokoni haipandishwi kwenye chombo cha bure ambacho masharti yake yanaruhusu picha unazopandisha zitumike kuifundisha mashine. Picha ya mtu, hata mfanyakazi wa mteja, haiingizwi bila ridhaa yake mwenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na uso ni taarifa. Wala usiandike jina la msanii aliye hai kwenye maelekezo. Mtindo kama mtindo hakimiliki haiulindi, hilo nalijua, na bado sitaki. Mkitaka Tingatinga, wachoraji wako Oysterbay na makopo yao ya rangi ya mafuta, nendeni mkakubaliane bei.

Suala la uchapaji nitalipitia haraka maana mnalijua, ila tulilisahau. Picha ile ilitoka na pikseli 1024 kila upande. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 8 na milimita 7 kasoro. Lebo ilikuwa na upana wa sentimita 12, yaani ilihitaji pikseli kama 1,417. Tukaikuza kwa programu, na programu ya kukuza haifichui kilichokuwepo, inabuni: ndiyo iliyozifanya zile herufi za kanga zionekane kali na za uhakika. Kabla ya kukuza zilikuwa ukungu tu. Kuanzia sasa, picha ya mashine inakaguliwa katika asilimia mia, na mtu ambaye hakuitengeneza, akianzia kwenye maandishi, vidole, kisha vitu vinavyoliwa. Na ichapishwe karatasini kwa ukubwa halisi kabla haijaenda kwa mchapaji.

Lebo ilikwishaje? Mchapaji alikuwa hajaanza kazi kubwa, kwa hiyo hasara ilikuwa sampuli na siku tatu, tukazibeba sisi. Shangazi mwenyewe, aliyeuliza, akakubali kupigwa picha akasaini karatasi ya ridhaa. Tulimpiga jikoni kwake, karibu na dirisha, saa nne asubuhi, na viungo vya mteja vilevile vikiwa kwenye ungo. Kanga alichagua yeye. Ukiishika pakiti unaisoma bila kukaza macho: “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Ukuta wa nyuma ulikuwa na bomba na waya wa umeme, huo tuliubadilisha kwa mashine, na mteja amesaini.