Kodi ya mshahara: kwa nini inakatwa kabla hujaishika

"Mwajiri wangu hapa Tanga ananikata kodi kabla sijauona mshahara. Si anipe zote, nikalipe mwenyewe TRA?"

Hapana, hana hiari hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri azuie kodi siku anapolipa mshahara, kisha aipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Asipokata, TRA inamdai yeye. Faida kwako ni kwamba, ikiwa kipato chako ni mshahara wa mwajiri mmoja tu, hesabu imeishia hapo: huna ritani ya kujaza wala deni la mwaka mzima la kulipa kwa mkupuo.

Chukua mhudumu wa hoteli Raskazone anayelipwa 600,000. Kwanza hutoka 60,000 ya NSSF, na kodi inapigwa kwenye 540,000 iliyobaki. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Zinazofuata, hadi 520,000, hutozwa asilimia 8, yaani 20,000. Asilimia 20 inagusa zile 20,000 za juu tu, ambazo ni 4,000. Kodi yote ni 24,000, naye anaondoka na 516,000.

Akiona 36,000 kwenye hati yake ya mshahara, mhasibu amesahau kuondoa NSSF kwanza. Huyo mhudumu aende ofisini mwezi huohuo na hati mkononi, adai 12,000 zake.